Chipu Inayojipima Yenyewe

Chipu ikishatoka kiwandani, mashine kubwa iliyoikagua haisafiri nayo. Kule kiwandani mashine hiyo iliingiza namba kwenye miguu ya chipu, ikasoma majibu na kuyalinganisha na majibu sahihi iliyokuwa imeyahifadhi. Lakini ubovu mwingine huja baadaye, kwa joto, mtikisiko na kuchakaa kwa nyaya nyembamba zilizo ndani. Kidhibiti cha mifuko ya hewa ya gari kinaweza kukaa miaka kumi bila ajali, kisha siku moja kikatakiwa kuamua ndani ya makumi ya milisekunde. Nani atakikagua asubuhi ya siku hiyo?

Wahandisi walilijibu swali hilo kwa kumweka mkaguzi ndani ya chipu. Ugumu ni kwamba mkaguzi huyo lazima awe mdogo sana. Ukitaka kuhifadhi ndani ya chipu maelfu ya maswali na majibu yake yote, kumbukumbu itakayohitajika inaweza kuchukua nafasi kubwa kuliko saketi inayopimwa. Njia waliyoipata haihifadhi maswali kabisa, na katika majibu yote huhifadhi namba moja tu.

Kifaa kinachotunga maswali ni rejista ya kusogeza yenye mrejesho, ambayo kwenye michoro huandikwa LFSR. Chukua mdogo kabisa, wenye biti tatu. Kila mpigo wa saa, biti zote husogea hatua moja kulia, ya mwisho huanguka, na nafasi ya kwanza hujazwa kwa kulinganisha biti ya pili na ya tatu za wakati ule: zikifanana inaingia 0, zikitofautiana inaingia 1. Anza na 100. Inayofuata ni 010, kisha 101, 110, 111, 011, 001, halafu tunarudi kwenye 100. Michanganyiko yote saba imepita, bila hata mmoja kujirudia. Uliobaki ni 000 peke yake, na huo haufai kuwa mwanzo kwa sababu sifuri na sifuri hufanana milele, rejista isitoke hapo. Ukichagua vizuri mahali pa kuchukulia mrejesho, rejista ya biti 32 hupita namba zaidi ya bilioni nne kabla ya kurudia, kwa gharama ya vijisanduku 32 vya biti na milango michache ya kulinganisha.

Sasa tupime saketi halisi, ile ya kura: ina waya tatu za kuingizia na moja ya kutolea, na hutoa 1 pale angalau waya mbili zinaposema 1. Majibu yake hayatunzwi. Yanaingizwa moja moja kwenye rejista nyingine ya biti tatu, inayosogea kama ile ya kwanza, ila nafasi yake ya kwanza huchanganya pia jibu lililoingia: ikiwa idadi ya 1 kati ya jibu, biti ya pili na biti ya tatu ni witiri, inaingia 1, la sivyo 0. Kinachobaki humo mwishoni ndicho huitwa saini. Hapa chini safu za kushoto ni za saketi nzima, na za kulia ni za saketi ambayo waya wake wa tatu umeganda kwenye 0.

```
swali   zima  saini   bovu  saini
100     0     000     0     000
010     0     000     0     000
101     1     100     0     000
110     1     110     1     100
111     1     011     1     110
011     1     101     0     111
001     0     110     0     011
```

Saketi nzima imeacha 110, mbovu imeacha 011. Chipu inachohitaji kukumbuka ni hiyo 110 tu. Msomaji mwenye penseli anaweza kuendelea: gandisha kila waya kwa zamu, kwanza kwenye 0 kisha kwenye 1, ule wa kutolea ukiwemo. Hitilafu ni nane, na hakuna hata moja inayoishia kwenye 110. Atagundua pia kwamba waya wa kutolea ukiganda kwenye 0 au kwenye 1, saini ni ileile 000. Saini hutangaza kwamba kuna ugonjwa, lakini haiutaji ugonjwa wenyewe.

Je, chipu mbovu inaweza kutoa saini nzuri? Inaweza. Majibu yakikosewa kwenye hatua ya kwanza, ya tatu na ya nne pekee, makosa hayo hufutana ndani ya rejista yetu na hakuna kinachoonekana. Majibu saba yanaweza kupangika kwa namna 128, na saini zipo nane tu, kwa hiyo namna 16 zinagawana kila saini. Dawa ni urefu. Kwa makosa yanayotokea ovyo, rejista ya biti tatu hudanganyika takriban mara moja kati ya nane, ya biti 16 mara moja kati ya 65,536, na ya biti 32 mara moja kati ya bilioni nne na ushei. Mwaka 1977 kampuni ya Hewlett-Packard ilitoa kifaa cha 5004A kilichowaonyesha mafundi saini ya biti 16 kwa herufi nne, ili walinganishe na zilizochapishwa kwenye mchoro wa mashine wanayoitengeneza. Miaka miwili baadaye, wahandisi watatu wa Ujerumani walieleza jinsi rejista za chipu yenyewe zinavyoweza kugeuzwa ziwe mtunga maswali na mpokeaji wa saini. Katika chipu za leo mpokeaji huyo humeza majibu ya waya nyingi kwa mpigo mmoja.

Kwa maoni yangu, udhaifu unaostahili kuogopwa zaidi uko kwenye maswali. Mlango wenye waya 32, unaotoa 1 pale tu zote zinapokuwa 1, ukiganda kwenye 0 hauwezi kukamatwa mpaka mtunga maswali afikie mchanganyiko huo mmoja kati ya bilioni nne. Kwa maswali milioni 100 kwa sekunde, huko kunaweza kuwa kusubiri hadi kama sekunde 43, na hakuna dereva atakayekubali kusubiri hivyo kila anapowasha gari. Ndiyo maana wabunifu huuvunja mlango kama huo vipande, au huongeza waya maalumu wa kuulazimisha wakati wa kipimo.

Tatizo la pili humtesa mbunifu kuliko mtumiaji. Biti moja isiyojulikana, kwa mfano iliyotoka kwenye kumbukumbu ambayo bado haijaandikwa kitu, ikiingia kwenye rejista huharibu saini nzima, na chipu nzima ikahesabiwa mbovu. Namna ya kuitambua ni kurudia kipimo kwa mbegu ileile ya kuanzia. Waya ulioganda hurudia saini mbaya ileile. Saini ikibadilika kila mara, tafuta biti isiyozibwa, au mahali ambapo ishara huchelewa kufika.

Na kipimo chote hiki hukagua milango ya ndani ya chipu tu. Waya uliokatika kati ya kidhibiti na mfuko wa hewa, au soketi iliyoshika kutu, hukaguliwa na saketi nyingine, na matokeo yote huishia kwenye taa moja ya dashibodi. Taa hiyo ikigoma kuzimika baada ya gari kuwaka, usimruhusu fundi aichomoe balbu. Mwambie asome kwanza namba ya hitilafu iliyohifadhiwa.