Jina la Kuchongwa Lisizidi Kalamu

Ukipita kwenye kurasa za wauza zawadi, utaona kalamu za chuma zikinadiwa: "Tunachonga jina lolote." Hilo "lolote" ndilo linaloleta ugomvi, kwa sababu kalamu ina urefu wake.

Tuseme sehemu ya kuchonga ni milimita 50. Kwa mwandiko wa kawaida wenye herufi kubwa za kimo cha milimita 3, herufi moja hula wastani wa milimita 2, lakini M na W hufika 3 au zaidi. Kwa hesabu ya wastani zinaingia 25. Kwa hesabu ya M tupu, hazizidi 16. Muuzaji mwangalifu hutangaza 20, kisha hujaribu jina gumu kwenye kalamu mbovu. "Mwl. Asha J. Mrisho" ni 19, maana nafasi na nukta nazo huhesabiwa. "Mwanakhamis Abdulrahman" ni 23, halikubaliki. Ukilibana kwa kupunguza herufi, matundu ya a na e huanza kuziba, na mwandiko wa mikunjo ndio huharibika kwanza.

Herufi 20 za Kilatini si 20 za Kiarabu, kwa kuwa za Kiarabu huungana na programu nyingine za leza huzitenganisha au kuzigeuza. Anayetaka Kiarabu atumiwe picha kwanza. Vikatuni vya simu visipokelewe kabisa.

Kisha kuna wanaoandika kisandukuni, "Naomba jina la mama, Zuhura," na fundi aliyechoka akachonga sentensi nzima. Kwa hiyo maelekezo yaseme: "Andika maneno ya kuchongwa tu. Tutachonga kama ulivyoandika, herufi kubwa kwa ndogo." Maombi mengine yawe na kisanduku chake.

Siku ya mwisho ya oda huhesabiwa kwa kurudi nyuma. Mahafali ni Jumamosi Mwanza, na wewe uko Dar es Salaam. Mzigo ufike Ijumaa, basi uwe umepanda basi Alhamisi. Kuchonga ni Jumatano. Jumanne mteja anakagua picha ya jina lake. Oda zinafungwa Jumatatu. Saa nayo ni mtego: ukiandika "saa 10" pekee, mmoja ataelewa jioni, mwingine ataisoma kizungu, saa nne asubuhi. Andika "saa 10 jioni (16:00)".

Na asiyejibu picha? Wengi hukwama hapa, wakimsubiri mtu mmoja huku basi likiondoka. Tangazo liseme mapema: "Usipojibu hadi Jumanne saa 10 jioni (16:00), tutachonga ulichoandika." Ni kauli kali kidogo, ila ni ya haki, mradi mteja ameisoma kabla ya kulipa.

Ukileta aina nyingine ya kalamu, pima upya kabla ya kunakili tangazo la zamani.