Jiwe Lililopiga Miayo

Isome hadithi hii kwa sauti, kama unamsomea mtoto wa miaka minne aliyekwisha kujifunika shuka:

"Siku moja Chura alikuwa amechoka. Chura alitaka kulala. Chura alikwenda kwenye jiwe. Chura alilala juu ya jiwe. Kisha Panya alikuwa amechoka. Panya alitaka kulala. Panya alikwenda kwenye jiwe. Panya alilala juu ya jiwe. Kisha Konokono alikuwa amechoka. Konokono alitaka kulala. Konokono alikwenda kwenye jiwe. Konokono alilala juu ya jiwe. Kumbe jiwe lilikuwa Kobe. Wote walilala. Mwisho."

Nimeitunga hivyo makusudi. Kisa chenyewe si kibaya: kina wanyama watatu, kina jiwe, kina "kumbe". Hata hivyo msomaji atapiga miayo kabla ya mtoto, na mtoto atakuwa ameanza kuuliza habari za maji ya kunywa.

Wengi wataambiwa kosa ni marudio. Mimi sikubali. Tazama ngano ya Sultani Majinuni, iliyosimuliwa Unguja na kuchapishwa na Edward Steere mwaka 1870. Kijana anatoka kumsaka nunda, yule mnyama mla watu. Anaua mnyama, anambeba hadi kwa mama yake huku akiimba kwamba amemuua nunda, na mama anamjibu kuwa siye. Anarudi tena porini. Wimbo ni uleule na jibu ni lilelile, ila anayebebwa anazidi ukubwa kila safari: kijana alianza na mbwa, akafika hadi tembo. Msikilizaji anaufurahia wimbo kwa sababu anaujua, na anasubiri kwa sababu hajui mzigo wa safari ijayo. Marudio yanaposonga mbele hivyo, hayachoshi.

Katika hadithi yetu hakuna kinachosonga. Panya anafanya alichofanya Chura, na jiwe ni lilelile. Isitoshe, jina Chura limetajwa mara nne katika sentensi nne, ilhali Kiswahili kimekwisha kuweka mtenda ndani ya kitenzi. Ukisema "akapanda, akajikunja, akalala", mtoto anajua ni nani, na vile viambishi vinagonga kama ngoma. Tujaribu upya:

"Giza totoro. Chura akaruka dimbwi, asifike ng'ambo: chubwi! Akatoka, maji yanamdondoka, ndo, ndo, ndo. Akaona jiwe.
'Sogea, sogea, nami nilale!'
Jiwe kimya. Chura akapanda. 'Jiwe gani hili lina joto!' Akajikunja, tuli.

Mara: kwaru, kwaru, kwaru. Nani huyo? Panya, anaparamia jiwe kwa kucha.
'Sogea, sogea, nami nilale!'
Chura akasogea. Panya akapanda, akajikunja, tuli.

Mara: ji. Nani huyo? Konokono, na nyumba yake mgongoni.
'Sogeeni, sogeeni, nami nilale.'
Chura akasogea. Panya akasogea. Konokono akapanda. Akapanda. Akapanda. Akafika. Tuli.

Ndipo sauti nzito ikatoka chini yao:
'Sogeeni, sogeeni, nami nigeuke.'
Jiwe likatikisika. Likatoa mguu. Likatoa shingo. Likafumbua jicho moja. Akapiga miayo.
'Kobe!'
Kobe akageuka polepole, nao juu yake. Wakalala fofofo."

Anza na sauti. Tanakali za Kiswahili zina adabu yake. Ukianguka majini ni chubwi, matopeni ni tapwi, mchangani ni tifu, na mzigo mzito ukianguka ni pu. Mtoto wa miaka mitano atakushika mara moja ukimwangusha Chura dimbwini kwa tifu. Tanakali pia haitaki kufafanuliwa. Ukisema "chubwi, yaani alianguka majini", umeiua. Iweke mwishoni mwa pumzi, kisha unyamaze kidogo, na dimbwi mtoto atalichora mwenyewe kichwani.

Mpangilio wa sauti hizo nao una kazi. Chubwi ina kishindo. Kwaru ni ndogo zaidi, na ji ni kimya chenyewe. Konokono amewekwa wa mwisho kwa ajili hiyo, maana kwa hadithi ya kulalia sauti inapaswa kushuka. Waandishi wengi hupanda: wanaanza na panya, wanamaliza na tembo anayeangusha mti, kisha mama wa watu anashangaa mtoto amesimama kitandani. Mpango wa nunda unafaa barazani, chumbani, ugeuze.

Mahadhi yanakaa katika kile kibwagizo. Mkazo wa Kiswahili huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo "sogea, sogea, nami nilale" inajipigia yenyewe kwenye ge, ge, na, la. Huhitaji vina wala mizani ya mashairi. Unahitaji kutochezea maneno hayo hadi wakati wake ufike. Nimebadilisha "sogea" kuwa "sogeeni" walipokuwa wawili juu ya jiwe, kwa kuwa sarufi imetaka, na mtoto hilo halimsumbui. Mara ya nne "nilale" inakuwa "nigeuke". Imeongezeka silabi moja tu, lakini sikio lililokwisha kuzoea linajikwaa hapo, na kujikwaa huko ndiko kushtuka kwenyewe.

Sasa ile "kumbe". Katika hadithi ya kwanza ilitupwa tu: kumbe jiwe lilikuwa Kobe. Hakuna aliyeonywa, kwa hiyo hakuna aliyeshtuka. Katika ya pili dokezo limefichwa mapema, pale Chura anaposhangaa joto la jiwe usiku. Mtoto atalipita, kisha atalirudia baadaye akisema alijua. Mwacheni aseme alijua. Halafu angalia viambishi: likatikisika, likatoa, likatoa, likafumbua, akapiga. Jiwe limekuwa kiumbe kwa herufi mbili kubadilika, kabla jina Kobe halijatajwa. Ukisoma, punguza mwendo kwenye kila "lika", na usiongeze "kumbe" yoyote. Kazi yake imekwisha kufanyika.

Mshangao huu ni mdogo, nao unapaswa kubaki mdogo. Nimeshauriwa na rafiki anayependa vituko kwamba jiwe liwe fisi. Kingekuwa kituko kweli, na taa ingewashwa hadi alfajiri. Kipimo changu ni rahisi: baada ya mshangao, je, wahusika wanaweza kuendelea kulala palepale walipo? Juu ya kobe wanaweza.

Usiku wa pili mshangao utakuwa umekwisha, na hapo ndipo utajua kama hadithi imeshika. Mtoto akianza kusema kibwagizo kabla yako, au akikusahihisha ukiruka "akapanda" moja ya Konokono, imeshika. Akikaa kimya akingoja uishe, rudi kwenye karatasi na uisome kwa sauti peke yako. Mahali pumzi inapokuishia pana sentensi ndefu, na mahali ulimi unapoteleza bila kusikia chochote pana sentensi isiyo na kazi.

Wanyama unaweza kuwabadilisha kufuata mahali. Pwani kaa anafaa badala ya panya, na kwaru kwaru itabaki, kwani kaa naye hukwaruza. Ukimleta bata badala ya chura, dimbwi halimfai, maana bata hatumbukii kwa bahati mbaya. Mpitishe matopeni, na chubwi iwe tapwi, tapwi, kwa miguu yote miwili.