Kahawa Iliyoungua Haihesabiwi Ndani ya Iliyopona

Buni ikiingia kwenye pipa la kukaangia huwa ngumu, ya rangi ya kijani iliyofifia, na ina unyevu wa asilimia 10 hadi 12. Dakika kumi na kitu baadaye inatoka ikiwa kahawia, imevimba, na imepungua uzito. Hakuna aliyeiba. Maji yamekuwa mvuke, gesi imetoka ndani ya punje, na ule utando mwembamba uliobaki kwenye punje umebanduka na kupeperushwa kama makapi. Mkaangaji akiitoa mapema, bado ina rangi ya mdalasini, atapoteza kilo 12 hadi 14 katika kila kilo 100. Akiiacha mpaka iwe nyeusi na ianze kung'aa kwa mafuta, atapoteza 18 au zaidi.

Kwa mhasibu, kilo hizo zilizopaa si hasara. Ni sehemu ya bei ya kutengeneza kahawa, kama gesi na mshahara wa mkaangaji, kwa sababu hakuna namna ya kukaanga buni bila kuikausha. Huo ndio upotevu wa kawaida, na gharama yake hubebwa na kilo zilizobaki.

Maswali huanza pale kinapopotea kingine, kile ambacho hakikuwa lazima kipotee.

Tuchukue karakana moja ya kukaanga kahawa mjini Moshi. Ni karakana ya kubuni, na bei zake zimewekwa ili hesabu iwe nyepesi. Pipa lake hubeba kilo 50 za buni kwa mkupuo mmoja, na leo wana kilo 1,000, yaani mikupuo 20. Daftari la mwaka mzima linaonyesha kwamba kwa aina yao ya ukaangaji kila mkupuo hutoa kilo 42, kilo moja ikipungua huku au kuzidi kule. Kwa hiyo kutoka kilo 1,000 wanatarajia kilo 840. Buni imenunuliwa kwa shilingi 8,000 kilo, jumla milioni 8. Gesi, umeme, mishahara na sehemu ya kodi ya jengo mpaka mwisho wa kukaanga ni shilingi 1,240,000. Jumla ni shilingi 9,240,000. Ukigawanya kwa kilo 840, kila kilo ya kahawa iliyokaangwa imegharimu shilingi 11,000.

Mkupuo wa 13 umeshamwagwa kwenye sinia la kupozea, ambalo lina feni chini yake na mikono ya chuma inayokoroga. Mkupuo wa 14 uko ndani ya pipa, umebakiza dakika moja. Umeme unakatika.

Pipa linasimama. Gesi inaweza kuzimwa, lakini chuma bado ni cha moto, na buni iliyolala bila kugeuzwa huungua upande mmoja kwa sekunde chache tu. Feni ya sinia nayo imekufa, na kahawa ya moto iliyorundikana huendelea kujikaanga kwa joto lake yenyewe. Jenereta la karakana linahitaji kuwashwa kwa mkono, na mwenye ufunguo yuko nje. Moshi unapoanza kutoka, mkaangaji anafanya kitu pekee anachoweza: anafungua mlango wa pipa na kumwaga kahawa inayoungua juu ya ile iliyokuwa inapoa. Mikupuo miwili imekwenda. Jioni mizani inasoma kilo 756 badala ya 840.

Hapo ndipo mwenye karakana na mhasibu wake hutofautiana. "Binti," mzee anaanza, "fedha zote zimetoka mfukoni mwangu. Wewe chukua jumla, gawanya kwa kilo zilizopo, tuendelee na kazi." Kwa kilo 756, hesabu hiyo inatoa shilingi 12,222 kwa kilo. "Mzee, kahawa iliyoko kwenye magunia haikugusa moto ule," mhasibu anajibu. "Imegharimu elfu kumi na moja, kama ya jana." Kilo 84 zilizopotea nazo zina thamani ile ile ya shilingi 11,000 kila moja, yaani shilingi 924,000. Fedha hizo anazitoa kwenye gharama ya bidhaa, anaziweka kwenye akaunti yake ya upotevu usio wa kawaida, na mwisho wa kipindi anazipeleka moja kwa moja kupunguza faida. Stoo inabaki na kilo 756 zenye thamani ya shilingi 8,316,000. Ukijumlisha mafungu hayo mawili unapata 9,240,000 ile ile. Hakuna shilingi iliyopotea kwenye vitabu. Kilichobadilika ni mahali ilipoandikwa.

Mtu anaweza kuuliza: kuna ubaya gani basi, kama fedha ni zile zile? Ubaya uko kwenye tarehe. Tuseme ajali ilitokea Desemba, na siku ya kufunga mwaka nusu ya kahawa, kilo 378, bado iko stoo. Kwa njia ya mzee, stoo itaandikwa shilingi 4,620,000. Kwa njia ya mhasibu, itaandikwa 4,158,000. Tofauti ni shilingi 462,000, nusu kamili ya hasara ya siku ile, imejificha ndani ya magunia ikisubiri mwaka ujao. Benki inayosoma hesabu hizo ili kutoa mkopo itaona mali ambayo haipo na faida ambayo haikupatikana. Kama kahawa yote ingekuwa imeuzwa kabla ya tarehe 31, faida ya mwaka ingelingana kwa njia zote mbili. Ndiyo maana kosa hili hupenya kwa urahisi kwa mfanyabiashara asiyebaki na mzigo mkubwa.

Hoja ya mhasibu imeandikwa katika kiwango cha kimataifa cha uhasibu namba 2, kinachohusu bidhaa zilizo stoo. Kinasema kwamba malighafi, nguvu kazi na gharama nyingine za uzalishaji zilizopotea kupita kawaida hazimo katika gharama ya bidhaa. Ni matumizi ya kipindi zilipotokea. Kenya inatumia viwango hivyo tangu 1999, na Tanzania tangu Julai 2004. Marekani ina kanuni zake, na kwa miaka mingi maneno yake yalikuwa legevu: andiko la 1953 liliacha mwanya wa kubishana kama hasara ni ya ajabu kiasi cha kutosha. Novemba 2004 mwanya huo ulizibwa, na gharama zilizopotea kupita kawaida zikaamriwa kwenda kwenye matumizi moja kwa moja.

Kanuni hiyo ya Marekani ilionekana wazi baada ya tarehe 15 Juni 2019, mjini Yokkaichi, Japani. Huko kuna viwanda vya kutengeneza chipu za kuhifadhi data, ambavyo wakati huo viliendeshwa kwa ubia na kampuni ya Marekani ya Western Digital. Umeme ulikatika kwa dakika 13. Chipu hutengenezwa juu ya visahani vyembamba vinavyopita mashine moja hadi nyingine kwa majuma mengi, na kisahani kilichokatishwa katikati ya hatua mara nyingi hakifai tena. Katika hesabu za robo ile ya mwaka, Western Digital iliandika matumizi ya dola milioni 145 kwa ajili ya tukio hilo. Ndani yake kulikuwa na bidhaa zilizoharibika pamoja na gharama za kiwanda zilizoendelea kulipwa huku mashine zikiwa hazizalishi. Chipu zilizopona hazikubebeshwa mzigo huo.

Fungu hilo la pili linastahili maelezo kidogo, maana hata karakana ya Moshi inalo. Kodi ya jengo na mshahara wa mlinzi hulipwa hata pipa likiwa limesimama. Kiwango kinataka gharama hizo zisizobadilika zigawanywe kwa uzalishaji wa kawaida wa karakana, si kwa kile kidogo kilichotoka mwezi wa matatizo. Sehemu isiyopata kilo ya kuibeba inakwenda kwenye matumizi.

Ugumu wa kweli hauko kwenye kugawanya na kutoa. Uko kwenye lile neno "kawaida". Mwenye karakana asiyetaka kuona shilingi 924,000 zikila faida yake anaweza tu kudai kwamba buni yake siku zote hupungua karibu robo. Kilo 756 kutoka 1,000 ni upungufu wa asilimia 24.4, na akikubaliwa hivyo, ajali inatoweka kwenye karatasi. Mkaguzi hamalizi na jumla. Anaomba daftari la mikupuo. Anakuta mkupuo wa 12 una kilo 42.1, wa 15 una 41.8, na kati yao mistari miwili imeandikwa sifuri. Upotevu wa kawaida husambaa karibu sawasawa katika mikupuo yote. Ajali huacha shimo mahali pamoja. Karakana isiyopima kila mkupuo inajinyima ushahidi wake yenyewe, hata pale inaposema kweli.

Je, umeme ukikatika kila wiki? Hapo wahasibu wenyewe hubishana. Wapo wanaosema kinachotokea kila wiki ni kawaida ya mahali hapo, kiingie kwenye gharama. Hoja ina uzito, lakini inavuka mpaka upesi mno. Kilo 16 katika kila 100 hupotea hata mkaangaji akiwa bingwa na mashine ikiwa mpya. Kilo zinazoungua kwa kukosa jenereta la kujiwasha hupotea kwa sababu kuna kitu hakikufanywa, na kuzizoea hakuzifanyi ziwe sehemu ya kahawa. Mwenye karakana akiziona kila mwezi zikiwa peke yake kwenye mstari wake, ataweza kulinganisha na bei ya jenereta.

Mabaki nayo yana njia zake mbili. Makapi yanayouzwa kila siku kwa wakulima yanatoka kwenye upotevu wa kawaida, hivyo fedha yake hupunguza gharama ya kahawa yote. Kahawa iliyoungua ikipata mtu wa kuichukua kwa mbolea kwa shilingi 24,000, fedha hiyo inakwenda kwenye akaunti ya ajali, na kinachopelekwa kwenye faida na hasara kinashuka hadi shilingi 900,000. Fidia ya bima, kama ipo, haiingizwi kwa matumaini. Inasubiri mpaka kuwe na uhakika kwamba italipwa, nayo inaandikwa kama pato lake yenyewe bila kugusa thamani ya magunia.

Asiye mhasibu akitaka kuitafuta hasara hii kwenye taarifa iliyochapishwa, asitegemee kukuta mstari wenye jina lake. Mara nyingi imo ndani ya gharama ya mauzo, imechanganywa na gharama ya bidhaa zilizouzwa. Ikiwa ni kubwa kiasi cha kubadilisha sura ya mwaka, kampuni inapaswa kuitaja peke yake, na kwa kawaida hufanya hivyo kwenye maelezo ya nyuma, kwa herufi ndogo.