Talaka Kabla ya Hati ya Baraza: Ulinganishi wa Fikihi ya Kishafii na Sheria ya Ndoa ya Mwaka 1971 katika Suala la Matunzo

Swali la mtihani linalochunguzwa hapa linahusu wanandoa wa kubuni wakazi wa Kamunyonge, Musoma, waliofunga ndoa ya Kiislamu. Mwezi Februari mume alimwandikia mkewe, ambaye hakuwa mjamzito, talaka tatu, akaacha kumpa matunzo. Mwezi Mei Baraza la Usuluhishi la Ndoa lilitoa hati kwamba limeshindwa kuwapatanisha. Mwezi Juni mke akafungua shauri. Mtahiniwa anatakiwa aeleze kama ndoa imevunjika, na nani amlishe mke huyo.

Kwa msimamo mashuhuri wa madhehebu ya Shafii, talaka tatu huivunja ndoa papo hapo, na eda huanza siku hiyo. Mke aliyeachwa kwa talaka rejea hustahiki matunzo na makazi mpaka eda iishe. Aliyeachwa kwa talaka tatu, asipokuwa mjamzito, hustahiki makazi peke yake.

Sheria ya Ndoa inakwenda njia nyingine. Kifungu cha 107(3) kinaitaka mahakama itoe amri ya talaka pale ambapo ndoa ilifungwa Kiislamu, baraza limetoa hati, na baada ya hati hiyo mmojawapo akatenda jambo ambalo, kama si sheria hiyo, lingeivunja ndoa Kiislamu. Hapa ndipo watahiniwa wengi wanaweza kujikwaa: wanaiona talaka na hati, wakasahau kuuliza ipi ilitangulia. Talaka ya Februari ilitangulia hati ya Mei. Kwa hiyo haikidhi kifungu hicho. Mke anabaki na njia ya kawaida, yaani kuthibitisha kwa ushahidi kwamba ndoa imevunjika kiasi cha kutorekebishika. Kutelekezwa kwake ni sehemu ya ushahidi huo.

Tofauti hiyo ndiyo inayoamua suala la chakula. Kifikihi, mke huyo hana dai la matunzo tangu Februari. Kisheria, angali mke mpaka mahakama itoe amri. Hivyo chini ya kifungu cha 115(1) anaweza kudai matunzo kwa kuwa mume amekataa kumtunza, na pia katika muda wote shauri linapoendelea.

Hata hivyo, ulinzi huo hupungua baada ya amri. Mtalaka hapati matunzo yake mwenyewe ila mahakama ikiona sababu maalumu. Kifungu cha 115(3) kinairuhusu mahakama kuamuru matunzo ya kipindi cha eda kwa waliooana Kiislamu, bila kutenga talaka rejea na talaka tatu. Basi jibu timilifu halisemi kwamba sheria ya nchi imeifuta ile ya dini, wala kwamba imeinakili. Limeichukua talaka kama ushahidi, likaipa nafasi yake katika mpangilio wa hatua, na likaiachia mahakama uamuzi wa mwisho.