Vioo vya Clacton na Genge Lililokuzwa na Magazeti

Pasaka ya mwaka 1964 iliwakuta Waingereza wakitetemeka. Jumapili ile ya Machi 29 ilitajwa kuwa yenye baridi kuliko Jumapili zote za Pasaka kwa miaka 80 hivi, na mvua nayo ilikuwa haikatiki. Katika mji wa Clacton, kwenye pwani ya mashariki ya Uingereza, vijana kutoka London walikuwa wamejazana kama ilivyokuwa desturi yao kila sikukuu. Hawakuwa na la kufanya. Baharini hakuendeki, kumbi za starehe ni za kuhesabu, wenye maduka wamenuna kwa sababu biashara imelala, na uvumi unapita kwamba baadhi ya migahawa imekataa kuwahudumia wenzao.

Kilichotokea baada ya hapo kinajulikana vizuri, kwa sababu kijana mmoja msomi, Stanley Cohen, mzaliwa wa Johannesburg aliyekuwa akisoma London, alikifanyia utafiti kwa miaka kadhaa na kukitolea kitabu mwaka 1972. Kitabu hicho ndicho kilichowapa wataalamu wa jamii dhana ya taharuki ya kimaadili. Maana yake ni hali ambapo kundi fulani la watu, mara nyingi vijana, linageuzwa kuwa tishio kwa jamii nzima, na hofu inayozuka inapita kwa mbali ukubwa wa kosa lenyewe. Wengi wanaoitumia dhana hii leo wameshasahau jinsi tukio lililoizaa lilivyokuwa dogo.

Vijana walisukumana kando ya barabara na kurushiana mawe. Wenye pikipiki na skuta walikwenda mbio huku na huku wakipiga kelele. Vioo vilivunjwa, vibanda vya ufukweni vikaharibiwa, na kijana mmoja akafyatua hewani bastola ya kuanzishia mbio, ile isiyo na risasi. Polisi hawakuwa wamejiandaa, na mitaa ilifurika watu waliotoka kutazama. Jumla ya uharibifu ilikadiriwa kuwa pauni 500 hivi. Waliokamatwa walikuwa 97.

Jumatatu asubuhi, karibu kila gazeti kubwa la Uingereza liliweka habari hiyo ukurasa wa kwanza. Moja lilitangaza siku ya ugaidi wa makundi ya skuta, jingine likasema washenzi wameuvamia mji wa pwani. Ndani ya kurasa hizo kulikuwa na vita, mazingira na maangamizi.

Ufundi wa wingi

Cohen hakusema kwamba waandishi walitunga uongo. Laiti wangetunga, mambo yangekuwa rahisi, maana uongo hukanushwa. Alichoonyesha ni kwamba chumovu kilikuzwa kwa zana za kawaida kabisa za chumba cha habari, zile ambazo mhariri yeyote huzitumia kila siku bila nia mbaya.

Zana ya kwanza ni umoja kugeuzwa wingi. Mtumbwi mmoja ukipinduliwa, habari inasema mitumbwi ilipinduliwa. Gazeti moja liliandika kwamba kumbi zote za dansi karibu na ufukwe zilivunjwa vioo. Ukumbi wa dansi ulikuwa mmoja tu, na vioo vilivyovunjika ni baadhi. Mwandishi akibanwa atajitetea kwamba vioo vya ukumbi vilivunjwa kweli, na hatakuwa amekosea sana. Ila msomaji wa Manchester au Glasgow, ambaye hajawahi kufika Clacton, tayari amejichorea mtaa mzima wa kumbi uliosambaratishwa.

Zana ya pili ni kurudia. Tukio lile lile likisimuliwa leo na shahidi mmoja na kesho na mwingine, kwa maneno tofauti kidogo, linahesabika kuwa matukio mawili. Ya tatu, ambayo kwa maoni yangu ndiyo mbaya kuliko zote, ni utabiri. Baada ya Clacton, swali lililoulizwa magazetini halikuwa tena “nini kilitokea?” bali “watashambulia wapi sikukuu ijayo?” Na hata lisipotokea lolote, kutotokea kwenyewe kulifanywa habari: safari hii vurugu zimezuiwa.

Halafu kulikuwa na majina. Mods walikuwa vijana wa skuta na suti za kubana, Rockers ni wa pikipiki kubwa na majaketi ya ngozi. Kabla ya Pasaka ile, hayo yalikuwa majina ya mitindo ya mavazi na muziki. Pale Clacton, wengi hawakuwa na skuta wala pikipiki, na ugomvi uliowagawa ulikuwa zaidi wa wageni kutoka London na wenyeji wa eneo lile. Ila magazeti yalihitaji majeshi mawili, na yakayapata. Tangu hapo, koti au skuta ilitosha kumfanya kijana asimamishwe na polisi.

Hundi ya Margate

Wiki saba baadaye, kwenye sikukuu ya Pentekoste, vurugu zilizotabiriwa zilitokea, safari hii Margate na Brighton. Margate hakimu alikuwa Dakta George Simpson, na hotuba zake kizimbani zilisafiri nchi nzima. Aliwaita vijana waliosimama mbele yake wahuni wadogo wenye nywele ndefu wasio na akili timamu, vijikaisari vya vumbi la mbao. Faini zilikuwa kubwa, na baadhi walipelekwa kizuizini.

Kijana mmoja alipotozwa faini ya pauni 75 alijibu kwamba atalipa kwa hundi. Magazeti yalilidaka jibu hilo. Kwa muda mrefu lilitajwa kama ushahidi kwamba vijana wa siku hizi wana fedha nyingi kupita kiasi na ndiyo maana wameharibika. Ukweli ni kwamba kijana yule hakuwa na akaunti benki, wala hakuwahi kutia saini hundi maishani mwake. Lilikuwa jibu la kujikaza mbele ya wenzake. Utafiti mdogo uliofanywa mwaka huo huo kwa vijana walioshtakiwa Margate ulionyesha kwamba wastani wa mshahara waliopeleka nyumbani ulikuwa kama pauni 11 kwa wiki. Faini ile ilikuwa karibu wiki saba za kazi.

Hapa ndipo penye somo la vitendo kwa anayetaka kujua kama habari imekuzwa. Usianze na idadi ya waliokamatwa. Anza na hati za mashtaka. Miongoni mwa waliofikishwa mahakamani baada ya Clacton, mmoja alishtakiwa kwa kuiba nusu painti ya petroli, mwingine kwa kujaribu kuiba vinywaji kwenye mashine ya kuuzia, na mwingine kwa kula aiskrimu ya peni 7 bila kulipa. Waliokabiliwa na mashtaka ya kumdhuru mtu walikuwa sehemu ndogo tu. Ukiweka hati hizo kando ya vichwa vya habari, pengo linaonekana bila darubini.

Pengo jingine lilikuwa kwenye biashara. Ilielezwa kwamba watalii wameukimbia ufukwe wa Brighton kwa hofu, na ushahidi ukawa kwamba viti vya kukodi vilivyotoka ni vichache kuliko mwaka uliotangulia. Waliosema hivyo walisahau kutazama hali ya hewa: siku hiyo ilikuwa ya baridi. Isitoshe, wapo waliokwenda Brighton makusudi, kutazama hao Mods na Rockers waliowasoma gazetini.

Mduara unavyozunguka

Mtakwimu Leslie Wilkins alikuwa ameeleza mwaka huo huo wa 1964 jinsi ukali wa jamii unavyoweza kuongeza kosa lile lile unalolipiga vita. Fukwe za Uingereza zilimpa mfano hai. Gazeti likitabiri kwamba Mods watakuwa Hastings mwezi Agosti, kijana aliyekuwa hajui aende wapi sasa anajua. Mpiga picha yupo, na mbele ya kamera hakuna anayetaka kuonekana amepoa. Polisi nao hawataki kuaibika tena kama walivyoaibika Clacton, kwa hiyo Hastings waliletewa askari wa ziada kwa ndege. Askari wakiwa wengi, na kila kikundi kilichosimama kona kikitawanywa, wanaokamatwa kwa kubishana au kukataa kuondoka wanaongezeka. Idadi yao inachapishwa kesho yake kama uthibitisho kwamba tatizo linakua.

Bunge nalo halikubaki nyuma. Waziri wa Mambo ya Ndani, Henry Brooke, alisukuma haraka sheria ya uharibifu wa mali kwa makusudi, ikapitishwa mwaka huo huo, ikiwapa mahakimu nguvu zaidi ya kutoza faini na fidia. Pauni 500 za vioo na vibanda zilikuwa zimefika hadi kwenye vitabu vya sheria. Miaka michache baadaye mitindo ilibadilika, magazeti yakachoka, na fukwe zikarudi kwa wenye watoto na ndoo za mchanga.

Panya Road

Msomaji wa Dar es Salaam huenda ameshakumbuka jioni ya Ijumaa, Januari 2, 2015. Katika maeneo mengi ya jiji watu walikimbia, maduka na baa zikafungwa kabla ya wakati, kwa taarifa kwamba vijana wa Panya Road wanakuja na mapanga. Chanzo kilielezwa kuwa vijana waliotoka kumzika mwenzao aliyeuawa na wananchi wenye hasira. Kundi moja, njia moja. Ila kwenye simu za watu, Panya Road walikuwa wameshafika kila mtaa kwa wakati mmoja. Ni wingi ule ule wa Clacton, isipokuwa safari hii haukungoja Jumatatu asubuhi. Kila aliyepokea ujumbe aligeuka mhariri, akausambaza kwa nia njema ya kuwanusuru ndugu zake.

Hapa lazima nadharia iwekewe mpaka. Taharuki ya kimaadili haimaanishi kwamba uhalifu haupo, na Cohen mwenyewe alilisisitiza hilo. Panya Road walijeruhi watu na kupora, na mama aliyenyang'anywa simu kwa panga hahitaji mtu wa kumwambia kwamba hofu yake imetengenezwa na vyombo vya habari. Wakosoaji pia wameuliza, kwa haki, ni nani mwenye mizani ya kupima hofu ya kadiri na ile iliyopitiliza. Jibu la kweli ni kwamba mizani hiyo haiwezi kutumika kwa tukio zima kwa mpigo. Hutumika kwa dai moja moja: mitaa mingapi, majeruhi wangapi, nani aliona kwa macho yake.

Msako uliofuata jijini ulikamata vijana kwa mamia, na hesabu hiyo ndiyo iliyopewa nafasi kubwa. Kwa aliyejifunza kutoka Clacton, hesabu inayofaa kufuatiliwa ni nyingine, na hupatikana wiki kadhaa baadaye, kwa karani wa mahakama: wangapi walisomewa mashtaka, mashtaka gani, na wangapi waliachiwa kimya kimya kwa sababu kosa lao lilikuwa kukaa kijiweni jioni ile.