Rwanda: Dakika 45 za kuwafunza watumishi ulinzi wa taarifa binafsi

Katika ofisi ya sekta ya vijijini kama Gitambi, wilayani Rusizi, magharibi mwa Rwanda, taarifa za wananchi hupitia mikono mingi: majina, nambari za vitambulisho na za simu, na orodha za kaya zilizolipia bima ya afya ya mutuelle. Sheria Na. 058/2021 ya Oktoba 13, 2021 ndiyo inayolinda taarifa hizo, na kipindi cha miaka miwili cha kujiandaa kilimalizika Oktoba 2023. Watumishi wanawezaje kuifahamu bila kuacha kazi kwa siku nzima?

Kuwasomea vifungu ni rahisi kwa mkufunzi, lakini msikilizaji huondoka bila kujua la kufanya kesho yake. Kikao cha dakika 45 hufaa zaidi kikijengwa juu ya karatasi moja na tukio moja.

Karatasi: dakika 10

Kila mshiriki hupewa fomu ya ofisi isiyojazwa, kamwe si ya mwananchi halisi. Hukata kila kipengele kisichohitajika kwa huduma husika, kwa kuwa sheria inataka taarifa zikusanywe kwa lengo mahususi. Kisha hupigia mstari zile nyeti, kama vile hali ya afya.

Tukio: dakika 25

Mkufunzi husimulia kisa cha kubuni. Ijumaa, saa kumi jioni, mtumishi anapiga picha orodha ya kaya 40 ili amtumie mwenzake, lakini inaangukia katika kundi la WhatsApp lenye watu 120. Anaifuta baada ya dakika tano. Je, yamekwisha?

La. Huenda mtu ameshaihifadhi picha hiyo. Sheria inampa msimamizi wa taarifa saa 48, tangu atambue tukio, kuiarifu Mamlaka ya Taifa ya Usalama wa Mitandao, na saa 72 kuwasilisha ripoti kamili. Ofisi ikitambua kosa saa hiyo hiyo, muda wa kwanza unakwisha Jumapili saa kumi jioni, kabla milango haijafunguliwa Jumatatu. Hapo washiriki hugundua wenyewe pengo lao: nani hupigiwa simu mwisho wa juma? Jina na nambari yake huandikwa kabla ya kikao kuendelea.

Kupima: dakika 10

Kila mmoja huandika, bila kushauriana, angemwarifu nani na angemweleza nini. Majibu yakitofautiana, somo halijaeleweka.

Kipimo cha pili huja mwezi mmoja baadaye: je, bado kuna orodha za majina zilizobandikwa ukutani au zilizosahauliwa kwenye printa? Hata hivyo, kikao hakitafaa kitu iwapo wa kwanza kuripoti kosa lake ataadhibiwa kwa kulisema. Wa pili atalificha, na saa 48 zitapita kimya.