Ukihamisha Akaunti ya Biashara, Mteja Ahakikishe Vipi?

Biashara ikihamia benki nyingine, kufungua akaunti ndiyo sehemu nyepesi. Uzito uko kwenye kuwaambia wateja walipe kwingine, kwa sababu barua inayosema "kuanzia sasa tulipeni kupitia akaunti hii mpya" ndiyo silaha kuu ya matapeli wa ankara. Yao nayo huwa na nembo, muhuri na salamu zilizozoeleka. Mhasibu makini akiipokea barua ya namna hiyo anapaswa kuitilia shaka, hata kama umeiandika wewe mwenyewe kwa nia njema. Ndiyo maana taarifa unayoituma lazima impe mteja njia ya kuihakiki nje ya barua yenyewe.

Tuone kwanza utapeli huu unavyokwenda. Mara nyingi mwizi huanza kwa kuiba nenosiri la barua pepe ya muuzaji au ya mnunuzi. Akishaingia hana haraka. Huweka mpangilio wa kumpelekea nakala ya kila ujumbe wenye neno "ankara" au "malipo", kisha husoma kimyakimya mpaka ajue nani anadaiwa kiasi gani na atalipa lini. Malipo yakikaribia, huchukua ankara halisi, akabadilisha mstari mmoja tu wa namba ya akaunti, akaituma. Pengine huituma kutoka kwenye anwani inayofanana na ya kweli: herufi r na n zikikaa pamoja, rn, kwenye kioo cha simu husomeka kama m.

Jina la akaunti nalo halitoshi kuwa kinga. Kati ya mwaka 2013 na 2015, Evaldas Rimasauskas wa Lithuania alijifanya ni kampuni ya Quanta Computer ya Taiwan, iliyokuwa ikiziuzia Google na Facebook vifaa. Alisajili kampuni yenye jina hilohilo nchini Latvia, akaifungulia akaunti za benki, na kampuni hizo mbili zikamtumia zaidi ya dola milioni 100. Alikiri kosa, na mwaka 2019 mahakama ya New York ilimhukumu kifungo cha miaka 5. Jina lililingana, aliyekuwa nyuma ya jina ndiye hakuwa mwenyewe.

Sasa tuchukue mfano wa kwetu. Muuzaji wa jumla wa vifaa vya shule Kariakoo ana wateja wapatao 40 wanaochukua mzigo kwa mkopo wa siku 30, na anahamia benki nyingine. Kabla hajamwandikia mtu yeyote, afanye mambo matatu. Aombe benki mpya impe barua ya kuthibitisha jina na namba ya akaunti. Akague barua pepe ya ofisi, afute mpangilio wowote wa kupeleka nakala asioutambua, abadilishe nenosiri na kuwasha uthibitisho wa hatua mbili. Tena asiifunge akaunti ya zamani. Aiache wazi miezi mitatu hivi, ili mteja ambaye hajaridhika aendelee kulipa kule alikozoea bila kulazimishwa. Tapeli hawezi kutoa nafasi hiyo. Yeye hung'ang'ania kwamba akaunti ya zamani "imefungwa kwa ukaguzi" na kwamba malipo yanatakiwa leo.

Baada ya hapo aigawe taarifa sehemu mbili. Barua pepe ya kwanza itangaze tu kwamba mabadiliko yanakuja, bila namba yoyote ya akaunti. Inaweza kusomeka hivi:

"Tunahamia benki nyingine. Namba ya akaunti mpya hatutaituma kwa barua pepe wala WhatsApp. Mtaipata kwenye barua yenye muhuri, itakayoletwa pamoja na mzigo wenu ujao. Kabla ya kulipa, tafadhali tupigieni kwa namba ya simu iliyo kwenye mkataba wenu wa zamani. Mkipata namba ya akaunti kwa njia nyingine, msilipe. Akaunti ya sasa bado inapokea malipo."

Ujumbe huu hata mwizi akiusoma haumpi kitu. Angalia pia kwamba hauna namba ya simu. Hilo ni la makusudi, kwa maana mteja akipiga namba aliyoikuta kwenye barua anayoishuku, anayepokea anaweza kuwa mwandishi wa barua hiyohiyo. Namba ya kupiga itoke kwenye mkataba, LPO au hati za mizigo ya nyuma. Kwa sababu hiyo, usibadilishe simu ya ofisi na akaunti ya benki katika kipindi kimoja.

Barua yenye namba ikifika pamoja na mzigo, ni zamu ya mteja kupiga simu. Ni yeye apige, asingoje kupigiwa, kwani sauti inayomtafuta yeye haijathibitisha chochote. Na wakiongea, muuzaji ndiye asome tarakimu zote, mteja akizifuatisha kwenye karatasi yake. Mteja akisoma yeye na kuuliza, "Ni sawa?", atajibiwa "ndiyo" na mtu yeyote, hata karani aliyechoka ambaye hajatazama karatasi. Upande wa mteja, anayebadilisha kumbukumbu za muuzaji kwenye mfumo wa malipo asiwe ndiye anayeidhinisha malipo.

Kisha huja malipo ya majaribio. Tuseme mmoja wa wateja hao ni shule inayodaiwa shilingi 14,600,000. Itume kwanza kiasi kidogo kisichozoeleka, kama shilingi 7,350, bila kukitaja. Halafu ipige simu kwa namba ileile ya zamani na kuuliza, "Mmepokea kiasi gani?" Muuzaji akitaja 7,350, shule imejua kwamba fedha zimeingia mahali ambapo mtu inayemfahamu anapaona. Jibu likija kwa barua pepe, jaribio halina maana, kwa kuwa hata akaunti ya mwizi hupokea fedha vizuri kabisa. Na pale ambapo benki inaonyesha jina la mpokeaji kabla ya kuthibitisha muamala, lisomwe. Ukikuta jina la mtu binafsi badala ya la kampuni, simama hapo.

Uangalifu huu unatokana na jinsi fedha zinavyosafiri. Malipo makubwa ya Tanzania yanayopita kwenye mfumo wa TISS wa Benki Kuu yakishakamilika ni ya mwisho. Benki yako haiwezi kuyavuta na kuyarudisha kwa uamuzi wake. Itabaki kuiomba benki iliyopokea izuie salio, kama bado lipo, na wezi huwahi kulitoa au kuligawa. Ukigundua umelipa kwenye akaunti isiyo sahihi, ipigie benki yako saa hiyohiyo, kisha utoe taarifa polisi. Usianze kwa kubishana na muuzaji juu ya nani atabeba hasara.

Upande wa muuzaji, awe na orodha ya wateja wote: nani amepokea barua, nani amepiga simu na tarehe gani, nani amefanya jaribio. Ankara ikipita siku ya malipo na fedha hazionekani, asingoje mwisho wa mwezi. Ampigie mteja siku hiyohiyo na kumuuliza kama amelipa na wapi, kwa kuwa kila siku inayopita hupunguza nafasi ya kulikuta salio. Akaunti ya zamani ifungwe tu pale ambapo kila jina kwenye orodha lina alama ya jaribio lililofaulu, hata kama miezi mitatu imeshapita.